Maratoni ya filamu tatu wikendi ya sikukuu: mpangilio, mapumziko na vitafunio

Ukitaka kujua kama maratoni ya filamu imepangwa vizuri, tazama chumba wakati filamu ya tatu imefika katikati. Filamu mbili za kwanza karibu kila mtu huzimaliza. Ya tatu ndiyo inayokuta miguu imekufa ganzi, tumbo limejaa na simu zimeanza kuwaka kwenye makochi. Kwa hiyo mimi hupanga kuanzia nyuma: kwanza najiuliza watu watakuwa na hali gani saa mbili usiku, halafu natafuta filamu inayoweza kuwashika wakiwa katika hali hiyo. Zile mbili nyingine zinafuata baada ya hapo.

Hapa nitapanga maratoni moja mwanzo hadi mwisho, ya watu 6, sebule moja na choo kimoja. Ukishaielewa unaweza kubadilisha filamu na hesabu ikabaki ileile.

Siku gani

Kama wikendi ina siku tatu, chukua ya katikati. Siku ya kwanza watu bado wana uchovu wa wiki nzima, na ya mwisho kila mmoja anaangalia saa kwa sababu kesho kuna kazi. Siku ya katikati mtu ameshalala vizuri usiku mmoja, na anajua kesho hana haraka ya kuamka.

Mada: chagua hali, usichague aina

Watu wengi wakisema mada wanamaanisha aina ya filamu: tatu za kutisha, tatu za mapenzi, tatu za vita. Shida yake ni kwamba aina moja huja na mapigo yaleyale. Ukishaona filamu mbili za kutisha mfululizo, ya tatu ikikunyamazishia muziki unajua kabisa kwamba mlango utafunguka. Kuchagua kwa mwigizaji mmoja ni afadhali kidogo, ila mara nyingi hakutoi chochote cha kujadili wakati wa mapumziko.

Mada inayofanya kazi vizuri zaidi ni hali moja ambayo wahusika wa filamu zote tatu wamenaswa ndani yake, kila filamu kwa namna yake. Iandike kwa sentensi moja fupi. Ya mfano wetu ni hii: watu wasioweza kuondoka mahali walipo. Filamu nilizochagua ni hizi:

- *12 Angry Men* (1957), dakika 96. Wajumbe 12 wa baraza la mahakama wamefungiwa chumbani mpaka waamue kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia.
- *Rear Window* (1954), dakika 112. Mpiga picha aliyevunjika mguu amekaa kwenye kiti cha magurudumu dirishani, anatazama majirani, na anaanza kushuku kwamba mmoja wao ameua.
- *Speed* (1994), dakika 116. Basi la abiria lina bomu, na likishavuka maili 50 kwa saa, yaani karibu kilomita 80, halipaswi kushuka tena chini ya hapo.

Ona jinsi zinavyotofautiana. Ya kwanza haina rangi na karibu yote ni maneno. Ya pili ina rangi, na sehemu kubwa yake ni kutazama. Ya tatu ni mwendo na kelele. Hali ni moja lakini mapigo ni matatu, na hicho ndicho kipimo ninachotumia. Kama filamu mbili kati ya tatu zinaweza kuelezwa kwa maneno yaleyale, toa moja.

Jumla ya dakika ni 324, yaani saa 5 na dakika 24. Mimi sipendi jumla ivuke saa 6, maana ukiongeza chakula na mapumziko unafika saa 8 za kukaa. Muda wa kila filamu uangalie kwenye nakala utakayotumia siku hiyo, kwa sababu baadhi ya filamu zina matoleo marefu na mafupi. Kama unatazama kwa mtandao, fungua kila filamu siku moja kabla uicheze dakika mbili. Filamu huondolewa kwenye huduma hizo bila taarifa, na hutaki kuligundua hilo watu wakiwa wameshakaa.

Mpangilio, na sababu zake

Kanuni ninayofuata ni kwamba filamu inayodai akili zaidi hutangulia, na inayodai akili kidogo lakini inasukuma mwili zaidi huja baada ya chakula kikuu. Katikati inakaa ile inayoanza taratibu na kupanda.

Jaribu kuzigeuza uone. Ukianza na *Speed*, masikio na macho yatazoea kasi ile, na ukiwaletea baadaye wanaume 12 wanaobishana mezani, nusu saa ya kwanza itaonekana haina kitu. Ukiweka *Rear Window* baada ya chakula, sehemu yake ya mwanzo, ambapo tunawajua majirani mmojammoja kupitia madirisha yao, itawakuta watu wameegemea mito na kusinzia. Wakiamka mashaka yameshaanza na hawajui yalianzia wapi. Na *12 Angry Men* usiku inawapa watu waliochoka kazi ya kufuatilia ushahidi: kisu, treni iliyopita, mzee aliyesema alifika mlangoni. Ukipitwa na hoja moja, kura inayofuata haina maana kwako.

Kuna jingine linalofanya hizi mbili za kwanza zifuatane vizuri. Zote mbili zinatokea New York wakati wa joto kali, watu wanatoa jasho, wanafungua madirisha, wanakosa subira. Ukitoka kwenye chumba cha mahakama ukaingia kwenye ua wa nyumba za kupanga, ni kama umevuka mtaa tu. Na *Speed* ina zawadi yake kwa anayekumbuka mada: inaanza ndani ya lifti kabla hata basi halijaonekana.

Kabla ya filamu ya kwanza waambie wenzako jambo moja tu la kuangalia. Mwongozaji wake, Sidney Lumet, alianza na kamera ikiwa juu kidogo ya usawa wa macho na lenzi zinazoonyesha nafasi, kisha akaishusha kidogokidogo na kutumia lenzi ndefu zaidi, mpaka kuelekea mwisho dari inaonekana na kuta kama zimesogea. Mtu aliyeambiwa hivyo anakaa macho. Usiseme zaidi ya hapo, na usimweleze mtu yeyote matokeo ya kura.

Ratiba

Andika saa halisi kwenye karatasi uibandike karibu na televisheni. "Tutaanza mchana" haimsaidii anayepika.

- Saa nane kamili mchana: watu wanafika, wanakaa.
- Saa nane na robo: *12 Angry Men*, inaisha saa tisa na dakika 51.
- Mapumziko ya dakika 24.
- Saa kumi na robo: *Rear Window*, inaisha saa kumi na mbili na dakika 7.
- Chakula, dakika 73.
- Saa moja na dakika 20 usiku: *Speed*, inaisha saa tatu na dakika 16.

Kuanza mchana kuna hatari moja, nayo ni usingizi unaokuja baada ya mlo. Waombe wenzako wale chakula chepesi kabla ya saa saba, na wasije na tumbo lililojaa. Ukiona wengi watakuja moja kwa moja kutoka mezani, sogeza kila kitu mbele kwa nusu saa, na watu wakae kwanza wakizungumza wima badala ya kuzama kwenye makochi.

Urefu wa mapumziko ya kwanza sikuubahatisha. Watu 6, choo kimoja, dakika 3 kwa kila mtu, hiyo ni dakika 18. Zinazobaki ni za kunyoosha miguu na kujaza vikombe. Mkiwa 10, foleni peke yake ni nusu saa, basi panga dakika 35 na anzeni mapema. Mapumziko yakiwa mafupi kuliko foleni, mtu wa mwisho atakosa dakika za mwanzo za filamu ya pili, au wote mtamsubiri huku mkishika simu. Simu ikishashikwa kwa dakika kumi, kuiachisha ni kazi.

Washa taa zote mapumziko yanapoanza na ufungue madirisha. Chumba chenye watu 6 na mapazia yaliyofungwa huwa na joto na hewa nzito, na hilo huleta usingizi haraka kuliko filamu yoyote. Waambie watu wasimame. Anayebaki kwenye kochi wakati wa mapumziko ndiye atakayelala kwenye filamu inayofuata, ninamwona kila mara. Dakika mbili kabla ya kuanza, zima taa na kisha zirudishe. Watu huelewa bila kuitwa.

Je, mtu akitaka kutoka katikati ya filamu? Kubalianeni mapema. Kwa *12 Angry Men* mimi huwa sisimamishi, kwa sababu kila kitu kinafuatana ndani ya chumba kilekile na ukikata unaupoteza ule msongamano uliojengwa. *Rear Window* ni tofauti: mara kadhaa picha inafifia mpaka giza kati ya tukio na tukio, na hapo ukibonyeza rimoti hakuna kinachoharibika. *Speed* haisimami, na wewe usiisimamishe.

Ukichelewa

Mara nyingi mnachelewa mwanzoni, si katikati. Yupo ambaye hajafika, yupo anayetafuta nenosiri. Usifidie kwa kukata chakula wala mapumziko, maana deni hilo linalipwa na filamu ya tatu. Weka akiba filamu fupi yenye mada ileile. Kwa orodha hii ninaweka *Rope* (1948), ya dakika 80, ya Alfred Hitchcock yuleyule aliyeongoza *Rear Window*. Vijana wawili wameua mwenzao, wameficha mwili ndani ya kasha, kisha wamekaribisha wageni wale chakula juu yake. Kamera haitoki kwenye nyumba hiyo tangu wageni waanze kuja mpaka mwisho.

Tuseme mmeanza saa nane na dakika 50, yaani mmechelewa dakika 35. *12 Angry Men* itaisha saa kumi na dakika 26. Mapumziko ni yaleyale dakika 24, kisha saa kumi na dakika 50 mnaweka *Rope* badala ya *Rear Window*, na inaisha saa kumi na mbili na dakika 10. Mmerudi kwenye ratiba, mmepitiliza kwa dakika 3 tu. Uamuzi huo ufanyike wakati wa mapumziko ya kwanza, na aufanye mtu mmoja. Kura ya watu 6 kuhusu filamu gani iwekwe inaweza kuchukua muda mrefu kuliko ule mliochelewa.

Kama filamu ya tatu haijaanza mpaka saa mbili na nusu usiku, iahirisheni hadi kesho yake. Bado ni sikukuu, na ndiyo faida nyingine ya kuchagua siku ya katikati.

Vitafunio kwa sauti, kisha kwa ladha

Kosa ninaloliona sana ni kutoa kila kitu saa nane mchana. Watu wanakula kwa sababu kipo mbele yao, wanashiba, wanapata kiu, na chakula kikuu kikifika hakuna anayekitaka. Toa kwa awamu, kila filamu na chake.

Filamu ya kwanza ni ya maneno, na kuna sehemu ambapo mtu anazungumza polepole na wengine wamenyamaza. Mfuko mmoja wa krispi ukifunguliwa hapo, sentensi nzima imepotea. Kwa hiyo weka vitu visivyo na sauti: matunda yaliyokatwa, vipande vya jibini, mkate laini, zabibu kavu. Vyote viwe kwenye bakuli, visiwe kwenye mifuko, na vilivyo na maganda viwe vimeshamenywa. Kinywaji kiwe maji au sharubati iliyopunguzwa kwa maji.

Wakati wa mapumziko ya kwanza ndipo pa chai au kahawa. Kafeini hubaki mwilini saa nyingi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi kinakufaa kwa jioni nzima, ilhali cha saa moja usiku kitakufuata kitandani. Kwenye *Rear Window* weka karanga au korosho kidogo kwenye bakuli ndogo za mtu mmojammoja. Bakuli moja kubwa linalozunguka gizani hugeuza shingo za watu kila dakika.

Chakula kikuu kiwe kitu kilichopikwa mapema, kinachohitaji kupashwa moto tu, na kisiwe kizito kupita kiasi. Mpishi naye ana haki ya kuiona *Rear Window* yote. Weka chakula kwenye friji mpaka wakati wake, na kikishatolewa kisikae mezani zaidi ya saa 2, hasa nyama na maziwa.

Bisi ninaziweka mwisho, kwa filamu ya tatu, na wengi hushangaa. Lakini hapo ndipo zinapofaa: kelele za basi zinafunika kutafuna, mikono inataka kazi, na bisi ni nyepesi juu ya tumbo lililokula. Anza kuzipika dakika 15 kabla ya saa moja na dakika 20. Chukua sufuria ya lita 4 au zaidi yenye kifuniko, vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya kupikia, na punje 3 za mahindi ya bisi. Weka moto wa wastani, funika, usikilize. Punje zote tatu zikishapasuka, mafuta yamefika. Epua sufuria, mimina theluthi moja ya kikombe cha punje, tikisa zienee, subiri nusu dakika, kisha rudisha jikoni. Hiyo nusu dakika inazifanya punje zote zipate moto kwa pamoja, ndipo zipasuke karibu wakati mmoja na zisiungue za chini.

Acha kifuniko wazi kidogo upande mmoja. Mvuke usipotoka, bisi zitalainika na kunata menoni. Mlio ukipungua mpaka ukaweza kuhesabu sekunde 2 kati ya punje na punje, epua hapohapo na mimina kwenye bakuli, maana sufuria bado ina moto wa kuunguza. Nyunyiza chumvi iliyosagwa laini zikiwa bado za moto, kwa sababu chumvi ya chenga kubwa huteremka yote chini ya bakuli. Sufuria moja hutoa zaidi ya lita 2, kwa watu 6 pika mbili. Watoto walio chini ya miaka 4 wasipewe bisi wala karanga nzima, zinaweza kuwakaba.

Picha na sauti, jambo moja kwa kila filamu

Televisheni nyingi mpya hulainisha mwendo wa picha mpaka filamu ikaonekana kama kipindi cha studio. Tafuta kwenye menyu `Filmmaker Mode`, na kama haipo zima kile kinachoitwa `Motion Smoothing` au jina linalofanana nalo. *Rear Window* itakuwa na mistari myeusi pembeni na *Speed* itakuwa nayo juu na chini. Usiikuze picha ili kuiondoa. Kwenye *Rear Window* hasa, dirisha dogo pembeni ya picha ni sehemu ya hadithi.

Mapazia ya *Rear Window* yafungwe kabisa hata kama nje bado kuna mwanga. Sehemu yake ya mwisho iko gizani, na mwanga wa dirishani ukipiga kwenye kioo cha televisheni hutaona kitu zaidi ya uso wako mwenyewe.

Sauti ipime upya kila filamu, kwa mazungumzo. Kiwango mlichokizoea kwenye *12 Angry Men*, ambako mlipandisha ili kusikia mnong'ono, kitawarusha kwenye viti *Speed* ikianza kulipua. Cheza dakika za mwanzo za *Speed* wakati wa chakula, watu wakiwa jikoni, weka sauti ambapo maneno yanasikika vizuri, kisha irudishe mwanzo. Kama mnaishi karibu na majirani, tafuta `Night Mode` kwenye mipangilio ya sauti. Inapunguza milipuko na kuinua maneno.

Kuhusu watoto: *12 Angry Men* haina cha kuficha isipokuwa hasira, *Rear Window* inazungumzia mauaji bila kuyaonyesha waziwazi, na *Speed* ilipewa daraja la R Marekani kwa ukatili na lugha. Kama kuna mdogo nyumbani, chakula cha jioni ndicho kikomo chake. Mwandalie kitanda kabla ya saa moja, na bisi zake, kama umri unamruhusu, azile mezani pamoja na wengine kabla ya taa kuzimwa.